Uzoefu wangu: kuandikiwa skripti ya kusema kutokana na slaidi 14

Mwezi mmoja kabla ya kulitetea pendekezo langu la utafiti la shahada ya uzamili, msimamizi wangu alinisikiliza nikifanya mazoezi na akanikatiza nilipofika slaidi ya nne. Aliniambia kwamba nilikuwa nimempa mgongo na kwamba nilikuwa nikisoma ukuta. Ni kweli, kwa sababu slaidi zile ndizo zilizokuwa kumbukumbu yangu, na projekta ingezimika nisingejua hata jina la sehemu inayofuata. Ndipo mwanafunzi mwenzangu akanielekeza kwa mhariri mmoja wa hapa Nairobi, mama aliyewahi kusoma taarifa redioni, ambaye sasa ana ofisi ndogo ghorofani katikati ya mji na huwaandikia wanafunzi skripti za kusema kutokana na slaidi zao. Malipo yake yalikuwa shilingi 2,500 kwa slaidi zisizozidi 15, nusu kabla na nusu baada, kwa M-Pesa, na kazi ilichukua siku nne.

Utafiti wangu unahusu majina ya steji za matatu Nairobi, hasa yale yanayoendelea kutumika baada ya kitu kilichoyazaa kutoweka au kubadilika: Odeon iliyotokana na jumba la sinema, Allsops iliyotokana na kampuni ya bia, na Kariokor iliyotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilikuwa na slaidi 14 na dakika 15, na wasilisho zima lilikuwa la Kiswahili. Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko nilivyodhani, na nitalirudia.

Nilitarajia kwamba mhariri angezichukua slaidi zangu na kuzigeuza vidokezo kuwa sentensi. Hakufanya hivyo. Alizipitia mbele yangu, akafunga kompyuta yangu, akaiweka simu yangu mezani ikirekodi, kisha akasema, "Haya, nieleze slaidi ya tatu kama unavyomweleza shangazi yako aliyetoka mashambani." Tulikwenda hivyo slaidi moja baada ya nyingine kwa muda wa karibu nusu saa. Pale nilipokwama aliandika alama ya kuuliza, na baadaye nikatambua kwamba kila nilipokwama palikuwa mahali ambapo slaidi ilikuwa na maneno lakini mimi sikuwa na hoja. Skripti aliiandika kutokana na rekodi ile, huku slaidi zikiwa za kuhakikishia takwimu na majina tu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo thamani ya huduma hii ilipo, kwani maneno niliyorudishiwa yalikuwa tayari yamepita kinywani mwangu mara moja.

Nitoe mfano wa slaidi ya saba, ambayo ndiyo iliyokuwa ikinitoa jasho. Ina jedwali la majina 48 niliyoyakusanya katika utafiti wa majaribio: 19 yametokana na majengo na biashara, 12 na watu, 9 na maumbile ya mahali kama mito na miti, na 8 na shughuli zinazofanyika hapo. Katika mazoezi yangu ya awali nililisoma jedwali lote, safu kwa safu, hadi asilimia ya mwisho yenye nukta. Skripti ya mhariri ilisema hivi: "Jedwali hili lina safu nne, lakini naomba mtazame safu ya kwanza peke yake. Takriban majina mawili katika kila matano yametokana na jengo au biashara. Na majengo hubomolewa, biashara hufungwa. Basi jina hubaki likielekeza kwenye kitu gani?" Asilimia 39.58 ilibaki ukutani kwa atakayetaka kuihakiki, nami nikapewa kiasi ambacho sikio linaweza kukishika. Takwimu zote zilizobaki aliziandika kwa maneno, "arubaini na nane" badala ya 48, kwa kuwa mtu anayeona tarakimu husita kidogo kabla ya kuitamka, na kusita huko husikika.

Hati yenyewe ilikuja katika Word ikiwa na safu mbili, kushoto kichwa cha slaidi na kulia maneno ya kusema. Kila sehemu ilianza kwa sentensi moja iliyopigiwa mstari, ambayo aliniambia niikariri neno kwa neno, na ikaishia kwa nyingine ya rangi ya buluu aliyoiita daraja. Katikati nilikuwa huru kusema nipendavyo. Daraja ndilo jambo lililonifaa kuliko yote, kwa sababu husemwa kabla ya kubonyeza, slaidi iliyopita ikiwa bado inaonekana. Mwishoni mwa slaidi ya saba nilitakiwa kusema, "Swali hilo halijibiwi na ramani, linajibiwa na makanga, na ndiyo maana mahojiano yangu nimeyapeleka kwao," ndipo nibonyeze, slaidi ya mbinu za utafiti itokee. Zamani nilikuwa nikibonyeza kwanza, nikageuka kuangalia kilichotokea, kisha nikasema "Na hapa tunaona..." Asiyejua slaidi inayokuja hana budi kugeuka, na aliyekwisha kuitangaza hana sababu ya kugeuka.

Sasa nieleze kasoro, kwa kuwa zilikuwepo na moja ilikuwa kubwa. Skripti ya kwanza ilikuwa na maneno 1,720, na chini yake alikuwa ameandika kwamba ingechukua dakika 13 na ushei. Niliisoma kwa sauti, nimesimama, nikiwa na saa, nikafika mwisho baada ya dakika 17. Nilidhani nasema polepole, nikarudia, matokeo yakawa yale yale. Tulipokaa tukagundua kwamba alikuwa amegawanya kwa maneno 130 kwa dakika, kipimo alichokizoea kwa wanafunzi wanaowasilisha kwa Kiingereza, ambao ndio wateja wake wengi. Kiswahili hakipimiki hivyo. Neno kama "nitakavyowaonyesha" huhesabiwa na kompyuta kuwa neno moja, ilhali lina silabi nane na ndani yake mna mtendaji, wakati, namna na watendewa, mambo ambayo Kiingereza huyatandaza katika maneno kadhaa mafupi. Nilipojipima kwa ukurasa wa maneno 300 nilitumia dakika tatu kamili, yaani maneno 100 kwa dakika. Tulitenga dakika moja na nusu kwa kubonyeza, kupumua na kuwaachia wasikilizaji nafasi ya kulitazama jedwali, zikabaki dakika 13 na nusu, ambazo ni maneno 1,350. Alipunguza hadi 1,340 bila kudai nyongeza, na alipunguza kwa busara: slaidi ya jina na shukrani ikapewa maneno 30 tu, huku ya jedwali ikiachiwa 200. Ninashauri anayewasilisha kwa Kiswahili ajipime kwa ukurasa wake mwenyewe kabla hata ya kumpelekea mtu kazi.

Kasoro ya pili ilikuwa ndogo lakini ingeweza kunigharimu mbele ya jopo. Katika kulainisha lugha, mhariri alikuwa ameondoa "huenda" na "inaelekea" katika sehemu mbili, hivyo dhana yangu ikawa tamko. Niliandika kwamba huenda makanga ndio wanaoyahifadhi majina haya, na skripti ikasema kwamba makanga ndio wanaoyahifadhi. Ukisikia kwa sikio la redio, sentensi ya pili ni nzuri zaidi, lakini mtahini angeniuliza ushahidi uko wapi kabla sijaukusanya. Mhariri hawezi kulaumiwa sana kwa hili, kwani yeye si mtaalamu wa somo, ila mteja anapaswa kuilinganisha skripti na pendekezo lake, akitafuta maneno ya tahadhari yaliyopotea.

Kuhusu mazoezi, alinipa utaratibu ambao niliufuata kwa siku tano. Kwanza nilisoma skripti nzima kwa sauti mara mbili. Siku ya pili niliirekodi na kuisikiliza ndani ya matatu kutoka Kahawa West hadi mjini, safari ambayo kwa msongamano wa Thika Road ilinitosha kuisikiliza mara tatu. Siku ya tatu niliufunika mwili wa kila sehemu kwa karatasi, nikabaki na sentensi za kuingilia na madaraja tu. Ya nne nilibaki na madaraja peke yake. Ya tano niliigeuza kompyuta ielekee ukutani na kusema yote nikiwa nimeshika kitufe, nikibonyeza pale ninapoamini slaidi inabadilika, huku dada yangu akitazama skrini na kuniambia "hapo" au "umeikosa". Nilikosa slaidi ya tisa na zote zilizofuata, na kosa lilikuwa langu: baada ya kupokea skripti nilikuwa nimeongeza slaidi moja ya ramani bila kuiandikia chochote. Niliifuta.

Kosa jingine langu lilihusu PowerPoint yenyewe. Nilitumia Rehearse Timings kupima muda wa kila slaidi, nikakubali kuuhifadhi, na siku iliyofuata slaidi zikaanza kujibadilisha zenyewe katikati ya maneno yangu. Dawa ni kuondoa alama kwenye Use Timings katika sehemu ya Slide Show, na afadhali niligundua nikiwa nyumbani. Vilevile nilijaribu kubandika skripti nzima kwenye Notes ili niione katika Presenter View, nikajikuta nasoma tena, safari hii skrini ndogo badala ya ukuta. Nikaacha madaraja tu humo.

Siku yenyewe nilitumia dakika 14 na sekunde chache. Katika slaidi ya tano, mwenyekiti wa jopo alinikatiza akitaka kujua kwa nini sikuijumuisha steji ya Railways, na majibizano yakachukua kama dakika mbili. Skripti haikuwa na neno lolote kuhusu hilo, wala isingeweza kuwa nalo. Mhariri huyu haandiki majibu ya maswali, na anayetarajia hayo atafute huduma nyingine. Lakini jopo liliponiruhusu kuendelea sikutafuta nilipokuwa nimeachia. Nilisema daraja la slaidi ya tano nikiwa namtazama mwenyekiti, nikabonyeza, nikaendelea.

Shilingi 2,500 ni pesa nyingi kwa mwanafunzi, na utetezi wa tasnifu nitajiandikia mwenyewe kwa mtindo ule ule: rekodi kwanza, slaidi zikiwa zimefungwa, halafu safu mbili. Nitamrudia kwa jambo moja tu, kunisikiliza nusu saa na kuniwekea alama za kuuliza, kama atakubali kunitoza kwa hilo peke yake.