Soketi bapa au za plastiki nene? Uzoefu wangu kwenye ukuta wa mawe na chokaa

Nyumba yetu ya familia iko Mji Mkongwe, Zanzibar, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kabla ya kununua soketi za nyumba nzima nilichukua mbili za kujaribia: moja bapa ya chuma cha kung'aa, nyingine nyeupe ya plastiki yenye ukingo uliotuna.

Ile bapa inapendeza, sikatai. Ila kwa kuwa uso wake ni mwembamba, mashine yake yote huzama ndani ya boksi. Boksi la kina cha milimita 25 lilitosha vizuri kwa ya plastiki, lakini kwa ya chuma nyaya zilibanana hadi fundi akakataa kufunga. "Ndugu yangu, hapa bila boksi la 35 tutaumiza nyaya." Waya ukikunjwa kwa nguvu hivyo unaweza kuchomoka kwenye skrubu yake au kulegea, na ukilegea soketi inapata moto.

Milimita kumi zaidi ni kazi ndogo kwenye tofali. Kwenye matumbawe, nyundo moja ya pupa inashusha lipu ukubwa wa sinia. Fundi alitoboa matundu madogo kuzunguka alama yote kwa drili, kisha akachokoa taratibu kwa tindo. Plagi za kushikilia skrubu ukutani hazikushika kwenye chokaa ile laini, kwa hiyo boksi lilijengewa kwa udongo wa chokaa na mchanga, likaachwa likauke kabla ya kuguswa.

Halafu ukuta wenyewe haujanyooka. Weka rula juu ya tundu, uangalie mwanga unaopita chini yake. Sebuleni mwanya ulikuwa milimita 4 upande mmoja, na soketi bapa ikawa inacheza. Kukaza skrubu hakusaidii: chuma kinapinda, plastiki inapasuka. Ya plastiki ina uwazi nyuma na inagusa ukuta kwa ukingo tu, kwa hiyo milimita moja au mbili inazificha. Zile 4 zilihitaji lipu, tena kuisambaza kama sentimita 30 kila upande, maana kiraka kidogo kinabaki kama kijinundu.

Boksi nalo lizame kidogo ndani ya lipu. Likizama sana, skrubu ndefu za milimita 50 zinafika. Likitokeza nje, hakuna dawa ila kuling'oa.

Nimeweka plastiki karibu kote. Bapa ziko chumbani tu, kwenye ukuta uliopigwa lipu upya, na waya wa ethi umefungwa kwenye bamba lenyewe. Upande wa baharini sikuziweka kabisa, kwa sababu chumvi huanza kula vichwa vya skrubu mapema, na kutu ikishuka kwenye chokaa nyeupe haifutiki.