Futi, kalipa na mizani ya mafuta: uzoefu wangu na namba zake

Vifaa vitatu ndivyo watu wengi hutumia kujipima mafuta mwilini bila kwenda maabara: futi ya fundi cherehani, kalipa ya kubana ngozi, na mizani ya kidijitali yenye vibati vya chuma vya kukanyagia. Vyote navitumia, na vyote nitaendelea navyo. Ila naviamini kwa kazi tofauti, na hakuna hata kimoja ambacho ningekubali asilimia yake inipangie kilo za kupunguza.

Naanza na futi, maana ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo niliyoikubali zaidi. Kabla ya kuitumia ilaze juu ya rula ya chuma. Futi ya kitambaa iliyovutwavutwa hurefuka, na ikirefuka kiuno chako kitasomeka kidogo kuliko kilivyo. Fomula inayotumika sana ni ile ya Jeshi la Majini la Marekani, iliyotungwa na Hodgdon na Beckett mwaka 1984. Kwa mwanaume inataka vipimo vitatu tu kwa sentimita: urefu, shingo na kiuno. Shingo hupimwa chini kidogo ya kikoromeo, futi ikishuka kidogo upande wa mbele. Kiuno hupimwa usawa wa kitovu, si pale suruali inapofungwa. Mwanamke yeye hupima kiuno sehemu iliyo nyembamba zaidi, kisha huongeza mzunguko wa nyonga pale makalio yalipojaa zaidi, na fomula yake ni nyingine.

Simama wima, mikono ikining'inia, vuta pumzi kawaida, itoe, na usome mwishoni mwa kutoa pumzi kabla hujavuta nyingine. Futi iguse ngozi pande zote bila kuizamia. Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni mgongoni: futi huteremka kule nyuma bila wewe kuiona, nayo ikilala mshazari inasoma mzunguko ambao si wa kiuno. Jipime mbele ya kioo ukiwa umegeuka ubavu, au mwombe mtu akuangalizie. Pima mara tatu, ukiifungua futi kila mara na kuizungusha upya, kisha chukua wastani.

Tuchukue mwanaume wa sentimita 170, kilo 82, kiuno 94, shingo 38. Kwenye jedwali la hesabu la simu au kompyuta utaandika hivi:

```
=495/(1.0324-0.19077*LOG10(94-38)+0.15456*LOG10(170))-450
```

Jibu ni asilimia 24.3. Sasa badilisha 94 iwe 92, kama mtu aliyebana tumbo kidogo, na 38 iwe 39, kama futi iliyokaa juu ya mfupa wa kikoromeo. Jibu linashuka hadi 22.2. Sentimita tatu za uzembe zimeondoa mafuta ambayo bado yapo mwilini. Na hapo fomula yenyewe hatujaigusa, kwa sababu hata ukipima kwa ustadi wote, kwa watu wengi jibu hukosea ukweli kwa pointi tatu hadi nne, juu au chini. Fomula haioni mafuta. Inaona mizunguko tu, halafu inakisia kwamba mwenye mizunguko hiyo ana mafuta sawa na wanajeshi waliopimwa ilipotungwa. Mwenye shingo nene ya kuzaliwa atasifiwa bure, na mwenye shingo nyembamba ataonewa.

Kalipa ina ahadi nzuri zaidi, kwa sababu inashika mafuta yenyewe yaliyo chini ya ngozi. Shida yake ni mkono unaoishika. Kwa mwanaume, njia ya Jackson na Pollock ya mwaka 1978 hutumia sehemu tatu za upande wa kulia: kifua, tumbo pembeni mwa kitovu, na katikati ya paja kwa mbele. Weka alama kwa kalamu kwanza, maana sehemu ikihama sentimita moja tu mkunjo hubadilika. Inua ngozi na mafuta yake kwa kidole gumba na cha shahada, kiasi cha sentimita moja kutoka kwenye alama, ili midomo ya kalipa ikae juu ya alama yenyewe. Usiuachie mkunjo wakati unasoma. Achia mkono wa kalipa wote, hesabu kama sekunde mbili, soma. Ukikawia, mafuta yanaendelea kubonyea chini ya kalipa na namba inazidi kushuka. Zunguka sehemu zote tatu ndipo urudie ya kwanza, ili ngozi ipate nafasi ya kurudi ilivyokuwa. Usipime baada ya mazoezi wala kuoga maji ya moto, na usipime ukiwa umeshajipaka mafuta, kwani mkunjo utateleza.

Kalipa za chuma zenye springi hubana kwa nguvu inayokaribia kuwa sawa muda wote. Zile za plastiki hutegemea kidole chako, na nyingine hutoa mlio zikifika shinikizo lake. Plastiki si mbaya ukiwa unajilinganisha na wewe mwenyewe, ila usilinganishe namba yake na ya kalipa ya rafiki yako.

Angalia milimita zinavyosumbua. Mwanaume wa miaka 35 ambaye sehemu zake tatu zina jumla ya milimita 60 hupata asilimia 18.5. Mpimaji mwingine akibana mkunjo mnene kwa milimita 2 tu kila sehemu, jumla inakuwa 66 na jibu ni 20.2. Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wetu wengi linawahusu moja kwa moja. Hesabu hiyo hutoa kwanza msongamano wa mwili, kisha huugeuza kuwa asilimia kwa mlinganyo wa mtafiti aitwaye Siri, unaochukulia kwamba sehemu ya mwili isiyo mafuta ina msongamano wa gramu 1.100 kwa kila sentimita ya ujazo kwa kila mtu. Mwaka 1984 Schutte na wenzake walitoa mlinganyo mwingine uliotokana na wanaume weusi wa Marekani, ukichukulia msongamano mkubwa zaidi. Mtu wetu wa 18.5 akiwekwa humo anatoka na 21.2. Ni mwili uleule na mikunjo ileile. Mlinganyo huo wa pili nao umebishaniwa, kwa hiyo siusemi kama ndio ukweli. Nausema kwa sababu programu inayokupa jibu haikuambii imetumia upi.

Halafu kuna kitambi kigumu. Mwanaume mwenye tumbo lililotuna mbele na gumu ukiligusa anaweza kuwa na mkunjo wa wastani tu, kwa sababu mafuta yake mengi yamekaa ndani, kuzunguka utumbo na ini, ambako kalipa haifiki. Kwa mtu huyo futi ya kiunoni inasema mengi kuliko kalipa yoyote.

Mizani ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote, upande wa mafuta lakini, kwani uzito inausoma vizuri tu. Inapitisha umeme mdogo usiohisiwa kutoka mguu mmoja hadi mwingine na kupima ukinzani. Maji yenye chumvi, ambayo misuli imejaa, hupitisha umeme vizuri, na mafuta hupitisha vibaya. Kutokana na ukinzani huo, pamoja na urefu, umri na jinsia ulivyoingiza, mizani inakisia maji yaliyomo mwilini, kisha inachukulia kwamba maji ni takriban asilimia 73 ya sehemu isiyo mafuta. Kinachobaki inakiita mafuta. Na umeme huo wa miguuni hupita zaidi miguu na nyonga, hivyo tumbo, ambalo ndilo lililokupeleka kwenye mizani, linakisiwa tu.

Ndiyo maana inayumba. Ukinywa lita moja ya maji na kupanda papo hapo, uzito umeongezeka kilo moja lakini maji bado yako tumboni, ukinzani haujabadilika, na mizani inaihesabu kilo hiyo zaidi kama mafuta. Ukiwa umepungukiwa maji, ukinzani unapanda na mafuta yanasomeka mengi. Wanaofunga Ramadhani wajue kwamba namba ya jioni kabla ya futari haiwezi kuwekwa kando ya namba ya asubuhi ya Shaabani. Nyayo zenye sugu kavu au zilizopakwa mafuta nazo hupandisha ukinzani. Ukitaka kuitumia, panda asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula na kunywa, nyayo zikiwa safi, na uangalie wastani wa wiki nzima. Usibadilishe mpangilio wa mizani kutoka hali ya kawaida kuwa ya mwanamichezo katikati ya safari, maana namba itaruka bila mwili kubadilika. Mwenye kifaa cha moyo cha umeme asiitumie kabisa hali hiyo ya mafuta, na mjamzito asiifuate.

Sasa lengo. Mtu wetu wa kilo 82 na asilimia 24.3 ana, kwa hesabu, kilo 62.1 zisizo mafuta. Anataka asilimia 15, hivyo mkufunzi wa jimu anagawa 62.1 kwa 0.85 na kumwambia: fika kilo 73, punguza 9. Linasikika kama jambo lililopimwa. Lakini tuseme futi imekosea pointi 3.5. Kama kweli ana 20.8, lengo lake ni kilo 76.4. Kama kweli ana 27.8, ni kilo 69.7. Kati ya majibu hayo mawili kuna tofauti ya karibu kilo 7, na hesabu yote imechukulia kwamba hatapoteza hata gramu ya misuli njiani, jambo ambalo kwa anayepunguza uzito haraka bila kunyanyua vyuma haliwezekani. Namwonea huruma mtu aliyefika 73, akajiona bado ana tumbo, akaanza kujinyima chakula zaidi kwa sababu karatasi ilimwahidi kitu kingine.

Kwa hiyo asilimia naiacha, namwekea lengo kwa sentimita. Kiuno kisizidi nusu ya urefu, kigezo ambacho hata NICE, taasisi inayotoa miongozo ya afya Uingereza, inakipendekeza: kwa urefu wa 170 ni chini ya 85. Ana sentimita 9 na ushee za kwenda, na hizo hazihitaji fomula. Apime kila baada ya wiki mbili, wastani wa mara tatu, na tofauti iliyo chini ya sentimita moja asiihesabu kuwa mabadiliko. Mwanamke alinganishe siku zilezile za mzunguko wake wa hedhi, kwa sababu maji ya kabla ya hedhi hujaza tumbo.

Kando ya kiuno andika wastani wa uzito wa wiki na mzunguko wa paja. Uzito ukitulia na kiuno kikishuka, mambo yanaenda vizuri hata kama mizani inakuambia asilimia haijasogea. Uzito ukishuka, paja likikonda, kiuno kikabaki palepale na vyuma vinazidi kuwa vizito mkononi, basi kinachoondoka ni misuli: ongeza protini, punguza kasi. Kalipa hapo inasaidia ukiiacha kwenye milimita zake. Jumla ikishuka kutoka 60 hadi 48, mpimaji akiwa yuleyule na kalipa ileile, mafuta ya chini ya ngozi yamepungua, na huhitaji mlinganyo wowote kulijua hilo.

Mwenye pesa ya kifaa kimoja anunue futi isiyovutika. Kalipa ni ya mwenye mtu wa kumpima, yuleyule kila mara. Mizani nunua kwa ajili ya uzito, na kama ya bei nafuu isiyo na vibati vya mafuta inasoma kilo vizuri, hujakosa kitu.