Tahadhari kwa watengeneza sabuni wa Bukavu: dawa ya kupimia soda inayozungushwa ni alkoli tupu

Ndugu zangu mnaotengeneza sabuni Kadutu, Bagira na Ibanda, kuna kijana anayezunguka na mkoba mweusi akiuza chupa ndogo za dawa ya kupimia soda iliyobaki ndani ya sabuni. Sisi ametuuzia alkoli tupu kwa dola 15, na kwa kuitegemea chupa hiyo tumetoa sabuni kali ambayo imeunguza mikono ya mama anayefulia watu ili alishe watoto wake. Nina hasira, na nina aibu kubwa mbele ya mama huyo, lakini heri aibu yangu ijulikane kuliko mwingine naye auziwe.

Aliletwa kwetu na mama anayetuuzia mawese, mtu tunayemheshimu, na kijana mwenyewe hakuzungumza kama mchuuzi. Aliuliza tunatumia mafuta gani, na tulipojibu mawese alisema papo hapo kwamba kila kilo inahitaji gramu 141 za soda kostiki, na kwamba ni vizuri kupunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki yasiyoliwa na soda. Hesabu hiyo ni sahihi, ndiyo tunayoifuata sisi wenyewe. Mtu anayejua hesabu hiyo kwa kichwa, utaanzaje kumshuku?

Kisha akatoa chupa yenye kidondoshi na karatasi iliyoandikwa fenolftaleini. Alichukua kipande cha sabuni yetu iliyokauka vizuri, akakikata katikati kwa kisu, akadondosha tone moja juu ya uso mpya, na tone likabaki jeupe kama maji. Akageukia ndoo tuliyokuwa tumeyeyushia soda asubuhi ile, akadondosha tone jingine kwenye ukingo uliolowa, na mahali pale pakawa na rangi ya waridi iliyokoza, mbele ya macho yetu sote. Wafanyakazi wangu walishangilia. Dawa ya kweli hufanya hivyohivyo: penye soda huru rangi hutokea, pasipo nayo hakuna rangi. Akafunga chupa ile, akaitia mfukoni, na kutoka ndani ya mkoba akatupatia nyingine yenye karatasi ileile, akisema kwamba hiyo ni mpya na haijafunguliwa. Mfuko ule wa koti sitausahau, kwa maana chupa ya kweli iliingia humo na haikutoka tena.

Baada ya hapo tulipika kilo 20 za mawese kwa kilo 2.68 za soda, yaani kilo 2.82 zinazohitajika tukiwa tumeondoa ile asilimia 5, pamoja na kama kilo 6 za maji. Kumbe mawese yale yalikuwa na maji ndani, karibu kilo 2, jambo ambalo kila anayenunua mafuta kwa bidoni analijua. Mafuta halisi yalikuwa kilo 18, na hayo yanaweza kula kilo 2.54 tu za soda. Gramu 140 zikabaki bila mafuta ya kuzila, na kwa sabuni yote ya kilo 28 na zaidi, hiyo ni karibu gramu 5 za soda huru katika kila kilo. Ajali ya namna hii ndiyo kipimo kimewekwa ili kuikamata kabla sabuni haijatoka mlangoni. Tulipima mche baada ya mche, tukikata katikati kama tulivyoonyeshwa, na kila tone lilibaki jeupe. Tukauza.

Yule mama alikuja na vitambaa mikononi. Ngozi kati ya vidole ilikuwa nyekundu, imepasuka, na kwenye kidole gumba cha kulia ilikuwa inabanduka. Hakupiga kelele. Aliweka mche mezani na kuniambia, « Baba, sabuni yenu inauma. » Tuliosha mikono yake kwa maji mengi, muda mrefu, kisha tukampeleka kutibiwa.

Mwalimu mmoja wa kemia, jirani yetu, alitusaidia kupima kwa njia inayotoa hesabu. Aliyeyusha gramu 10 za sabuni ile ndani ya alkoli safi iliyopashwa moto, kwa sababu sabuni ikiyeyushwa katika maji hutoa ukali wake yenyewe na kudanganya rangi, akatia dawa yake mwenyewe, yote yakawa waridi. Kisha akaongeza asidi hafifu ya HCl ya 0.1 N tone kwa tone mpaka rangi ikapotea. Zilikwenda mililita 11 na kidogo. Kila mililita ni gramu 0.004 za soda, kwa hiyo sabuni ilikuwa na karibu asilimia 0.45, inayokaribiana sana na hesabu yetu ya mafuta yenye maji. Dawa ya kijana yule, juu ya mche uleule, haikuonyesha chochote.

Nilimpigia simu. Alijibu kwa upole kwamba soda ikizidi sana rangi hupotea. Sikilizeni ujanja huo: ni kweli kwamba katika maji makali ya soda rangi ya fenolftaleini hufifia, lakini kwanza huonekana, kisha ndipo hupotea. Yetu haikuonekana hata mara moja. Tulichukua punje moja ya soda tukaiyeyusha katika glasi nzima ya maji, mahali ambapo rangi haina sababu ya kupotea, tukatia matone ya chupa yake. Maji yalibaki maji. Nilipompigia tena, simu ilikuwa imezimwa, na mpaka leo haipatikani.

Mtu huyu anapaswa kukamatwa. Hakutuibia dola 15 tu: alijua kabisa kipimo hicho ni cha nini, na alijua kwamba anayedanganywa hapa si sisi tu, ni ngozi ya mtu asiyemjua. Alipe matibabu ya yule mama, arudishe fedha za kila karakana, na asimame mbele ya sheria aeleze alichokitia katika chupa zile. Mwenye kumwona asimpige wala asimfukuze, amzuie kwa maneno na aite polisi pamoja nasi.

Wenye chupa yake tayari, ipimeni kwa punje ya soda katika glasi ya maji kama nilivyoeleza. Pia dondosheni matone kadhaa katika maji safi: dawa ya kweli ya asilimia 1 huyageuza yawe na ukungu mweupe, kwa sababu fenolftaleini haiyeyuki vizuri katika maji, lakini alkoli tupu hupotea bila alama. Na muuzaji akionyesha kwa chupa moja na kuuza nyingine, mwambieni afungue ile anayouza na kudondosha kutoka humo.

Sisi tumeirudisha miche yote tuliyoweza kuipata, tumeikwangua, na tutaipika upya kwa kuongeza kilo 2 za mawese yaliyochemshwa mpaka yakaacha kulia: kilo 1 ya kumaliza soda iliyobaki, na 1 ya kurudisha ile akiba ya asilimia 5. Aliyenunua kwetu miche ya rangi ya chungwa isiyo na alama asiitumie, airudishe Kadutu arudishiwe fedha zake.