Gari la petroli lililotumika: lipi linapoteza mafuta kidogo?

Malalamiko ya wasomaji yanafanana: yadi ilisema gari linakwenda kilomita 20 na zaidi kwa lita, foleni ya Dar imeonyesha 9. Rangi, viti na redio tuwaachie wengine. Hapa tunaangalia kitu kimoja ambacho wanunuzi hawakiulizi: petroli inapotelea wapi kabla haijafika kwenye tairi.

Chukua lita 10. Kwenye injini ya kawaida, joto la lita 3 na ushee linatoka na moshi kwenye egzosi. Karibu lita 3 nyingine zinaingia kwenye maji na kumalizikia kwenye rejeta. Zaidi kidogo ya lita 1 inaliwa na msuguano na kazi ya kuvuta hewa. Kwenye shafti unabaki na kama lita 2.5. Egzosi inabeba kiasi hicho kwa sababu pistoni inafika mwisho wa safari yake, valvu inafunguka, na gesi bado ina moto na presha ambayo hakuna anayeitumia.

Sasa hesabu barabarani. Vitz ikitembea kilomita 80 kwa saa kwenye lami tambarare, upepo na tairi vinahitaji nguvu ya kama kilowati 7 tu. Kwa kilomita 100 hiyo ni kazi yenye nishati ya takriban lita 1 ya petroli. Gari linakunywa lita 4.5 au 5.

Hasara ambayo wengi wanaipita ni ya throto, mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini. Injini ya petroli inapunguziwa nguvu kwa kubanwa hewa, kwa hiyo ukikanyaga kidogo pistoni inavuta kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija mwembamba. Chomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari na uangalie MAP, yaani presha ya hewa iliyokwisha kupita throto, kwa magari yanayoionyesha: gari limesimama likiunguruma, utaona kama 30 hadi 40 kPa, wakati hewa ya nje pale pwani ni karibu 100. Tofauti hiyo pistoni inailipia kwa petroli. Injini kubwa kwenye mwendo mdogo inabanwa zaidi, na bado ina vyuma vingi vya kusugua. Kwenye foleni ni mbaya kuliko yote, maana kazi inayofika kwenye tairi ni sifuri.

Namba moja ni Toyota Aqua, gari la haibridi lenye injini ya petroli na mota ya umeme, na hatufichi upendeleo. Valvu yake ya kuingiza hewa inachelewa kufunga, hivyo gesi inatanuka kwa urefu mkubwa kuliko ule iliobanwa nao, na joto kidogo zaidi linageuzwa kuwa kazi kabla ya kutoka na moshi. Kwenye foleni injini inazimika, mota inasogeza gari. Injini ikiwaka inafanya kazi ya kutosha, throto ikiwa wazi zaidi. Udhaifu wake ni betri: kagua matundu ya feni yake kwenye kiti cha nyuma. Yakiziba vumbi, betri inapata joto na kufa mapema.

Namba mbili ni Vitz ya silinda tatu, cc 1000. Ina vyuma vichache vya kusugua na throto inafunguka vya kutosha mjini. Mlimani, ukiwa na watu watano, utaikanyaga hadi mwisho, na hapo inakunywa. Passo ni injini ileile kwa bei nafuu, basi.

Namba tatu ni Premio ya cc 1500, kwa anayesafiri mikoani. Mark X ya cc 2500 ni ya mwisho: ina uwezo wa karibu kilowati 150, halafu unaidai 8.

Kuhusu wauzaji: ile 35.4 kwa lita wanayoitangaza kwa Aqua ni ya kipimo cha Japani cha JC08, maabara, si barabarani. Wanaijua, na wanapandisha bei kwa namba hiyohiyo.

Kabla ya kulipa, angalia thamostati. Mafundi wengi huing'oa wakidai huku kuna joto. Bila hiyo maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haipati moto wake, kompyuta inaongeza petroli, oili inabaki nzito, na kuta za silinda zinanyonya joto lililopaswa kusukuma pistoni. Washa gari likiwa baridi, kisha soma joto la maji ukiendesha. Thamostati nyingi za magari haya zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kwa dakika kumi maji yafike 80 na kutulia juu ya hapo. Yakibaki 65, au yakishuka kila ukishika mwendo barabara kuu, imeng'olewa au imekwama wazi. Punguza bei ya thamostati na ya ufundi kwenye ile waliyokutajia.