Geimu za siber: uliza kwanza save inalala wapi

Malalamiko mnanitumia siku hizi karibu yote yanafanana. Dada mmoja wa Kadutu ananiandikia ati alikuwa anacheza Cookie Clicker kwenye siber, kila siku mashini ileile ya karibu na dirisha, asubuhi moja anafungua anakuta biskuti sifuri. Kuuliza, mwenye siber anamjibu: "Mama, nilisafisha tu brauza juu mashini ilikuwa nzito."

Basi leo sitawaambia geimu gani iko na rangi nzuri. Kwenye siber hatuwezi kuinstole kitu, ni brauza tu, na pesa yetu inaenda kwenye masaa, kwa hiyo swali ni moja: save inalala wapi? Geimu nyingi za brauza zinaiweka ndani ya brauza ya ile mashini. Ukihamia mashini ya pili hauikuti. Mtu akifuta kuki na data za saiti, imekwenda. Ukifungua dirisha la siri, ukilifunga tu imekwenda. Na fasi wameweka programu ya Deep Freeze njo mbaya zaidi, juu mashini ikiwashwa upya inarudi vile ilikuwa siku waliifunga, na hapa Bukavu vile kura inakatika, hauchagui wewe saa ya kuwasha upya.

Kupima ni rahisi, cheza dakika tano, omba waizime na kuiwasha, rudi uangalie. Kufunga brauza peke yake hakutoshi, Deep Freeze inangoja mashini iwashwe upya.

Namba moja kwangu ni Lichess, na sifichi kama naipendelea. Ni chesi, bure yote, hakuna matangazo, inaendeshwa na shirika lisilo la faida. Konti yako iko kwenye seva yao, kwa hiyo mashini ifutwe, iibiwe, wewe unaingia na jina lako kwingine unaendelea. Lakini msicheze zile parti za dakika tano kwenye siber! Kura ikikatika saa yako inaendelea kuhesabu na mwenzako anachukua ushindi. Chagua Correspondence, ile ya siku kadhaa kwa kila hatua, unaweza kuweka hadi 14. Unaingia, unasogeza kete, unatoka, na megabaiti hazijaisha. Ukisahau kutoka, siku yoyote fungua lichess.org/account/security kwenye simu, utaona brauza zote zenye konti yako imebaki wazi, unazifunga.

Namba mbili ni Cookie Clicker yenyewe, ndiyo, ileile ya dada wa Kadutu. Inajisave kila sekunde 60, lakini ndani ya brauza, njo maana kabla hujaondoka ingia Options, bonyeza Export save. Inatoka maandishi marefu ambayo hayasomeki. Chagua yote, kopi, jitumie kwa imeili juu siber nyingi zimefunga fasi ya kuchomeka flash. Angalia mwisho wake, lazima uone %21END%21, kama hauoni basi umekopi nusu na kesho haitakubali. Kesho yake mashini yoyote, Import save, unabandika, biskuti zako zote zinarudi. Kila mara ukiendelea, kopi mpya, ile ya zamani inakurudisha nyuma.

Namba tatu A Dark Room, ya maandishi matupu, inafunguka ata kwenye konekisyo ya kulialia. Chini kabisa ya ukurasa kuna neno save, unapata kodi vilevile. Hadithi inakamata, sitasema zaidi.

Za mwisho kabisa kwangu, yaani 2048 na zile saiti zenye geimu elfu na matangazo yanayoruka usoni: za kupitisha muda tu, hakuna cha kuokoa.

Sasa wauzaji. Siber inakutoza saa nzima wakati kura ilikuwepo nusu, ukisema kitu unaambiwa na wao wananunua mafuta ya jenereta. Sawa, lakini dakika zangu zinaenda wapi? Na hao wa geimu za almasi ndio wananiumiza zaidi, wanakuacha ucheze kama mgeni bila konti, halafu hapohapo wanakuuzia almasi kwa dola. Mgeni ni kuki tu ndani ya brauza. Siber ikisafisha, almasi zimekwenda na dola yako, na ukiwaandikia wanakuuliza namba ya konti ambayo hukuwahi kuwa nayo. Kama geimu haikuombi imeili kabla ya kukuomba pesa, usiipe ata franka moja.