FET kwa ratiba ya sekondari: inapanga vizuri, ila hesabu ya maabara piga mwenyewe

FET ni programu ya bure ya kupanga ratiba za shule. Haihitaji intaneti ikishasakinishwa, na kompyuta ya kawaida ya ofisi ya taaluma inaiweza. Nimeitumia kwa shule ya kutwa hapa Ilemela yenye mikondo sita, vipindi vinane kwa siku na maabara moja.

Unaiambia nani anafundisha nini, mkondo upi, vipindi vingapi kwa wiki. Kila fungu la vipindi huitwa shughuli. Mwalimu kutokuwa mahali pawili kwa wakati mmoja ni sharti ambalo tayari limo ndani, na mkondo nao vilevile. Ya kwako unayaongeza: nani hapatikani lini, somo lipi lazima liwe maabara. Kisha unabonyeza `Generate` na yenyewe inapanga na kupangua.

Jambo la kwanza linaloharibu ratiba ni mapumziko. Ukiandika vipindi vinane tu, FET haijui kwamba kati ya cha nne na cha tano watoto wanakwenda kunywa uji, kwa hiyo itaweka praktiko ya vipindi viwili juu ya mapumziko. Ongeza mapumziko kama mstari wake kwenye orodha ya saa, uzuie mstari huo kwa `ConstraintBreakTimes`.

La pili ndilo zito. Kila mkondo ulihitaji praktiko moja ya vipindi viwili kwa wiki katika Fizikia, Kemia na Biolojia, jumla praktiko 18. Maabara ina nafasi nne za vipindi viwili kwa siku, ila Ijumaa ni tatu kwa sababu vipindi viwili vya mwisho ni vya dini. Nafasi 19 kwa praktiko 18: inatosha. Walimu wa Fizikia na Kemia wanatoka Sengerema kwa kivuko cha Kamanga, wanakuja Jumanne hadi Alhamisi, na kipindi cha kwanza hawakiwahi. Kila mmoja ana vipindi 18 vya kufundisha na vipindi 21 anavyopatikana. Inatosha pia.

Hata hivyo FET ilikwama. Kabla ya kuanza kupanga huwa inakagua mwalimu mmoja mmoja, na mwalimu mwenye vipindi vingi kuliko nafasi zake inamkamata hapo hapo. Hapa kila mmoja peke yake alikuwa sawa, hivyo ukaguzi ukapita na namba ya shughuli zilizopangwa ikabaki inapanda na kushuka bila kufika mwisho. Ukiisimamisha, inakutajia shughuli iliyoishinda, lakini hiyo ni dalili tu. Jina la mwalimu wa Kemia kutokea pale halina maana kwamba kosa liko kwake.

Njia ninayoiamini ni kuzima sharti moja kwa wakati, bila kulifuta, halafu kujaribu tena. Zima la maabara: ratiba ikitoka haraka, mgogoro uko kwenye chumba. Hapo chukua karatasi. Kwa kuwa kipindi cha kwanza hakipo, wageni hawa wawili wanabaki na nafasi tatu kwa siku: vipindi vya 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8. Siku tatu ni nafasi tisa. Praktiko zao kwa pamoja ni 12. Hakuna kompyuta itakayoziingiza.

Dawa ilikuwa mwalimu wa Fizikia peke yake kuongeza Jumatatu. Praktiko zake tatu zinakwenda siku hiyo, tatu zilizobaki zinaungana na sita za Kemia na kujaza zile tisa. Biolojia inabaki na vipindi vya 1 na 2 Jumatatu hadi Alhamisi, pamoja na nafasi tatu za Ijumaa. Ni saba kwa praktiko sita. Kwa kuwa nafasi imebana hivyo, lazimisha kila praktiko ianze kipindi cha 1, 3, 5 au 7. Ikianza cha pili, inaua nafasi mbili za asubuhi kwa mpigo.

Kuna na asilimia za uzito, yaani kila sharti lishikwe kwa ukali kiasi gani. Sharti la kutawanya vipindi vya somo katika wiki, `ConstraintMinDaysBetweenActivities`, huja na 95, na liache hivyo. Wengi hupandisha kila kitu hadi 100 kwa kuwaridhisha walimu, kisha wanalalamika programu ni nzito. Mia ibaki kwa maabara na kwa kivuko, maana huwezi kumwomba nahodha awahi.

Lawama yangu kwa FET ni hiyo ya kutosema wazi masharti yapi yanapingana. Mengine ni mazuri: inatoa kurasa za HTML kwa kila mwalimu na kila mkondo, tayari kuchapwa. Na mwalimu akihamishwa katikati ya muhula, funga shughuli zote kwa `Lock`, fungua zake na za wanaoguswa tu, kisha panga upya. Mikondo mingine haitaona badiliko.