Kugusisha kadi ya benki ya Bongo kwenye basi la London: uzoefu wangu

Sisi tunaofanya kazi ya utalii Moshi na Arusha, Novemba ikifika kuna wanaofunga safari kwenda London kwenye maonyesho ya utalii pale ukumbi wa ExCeL. Tangu nirudi, wenzangu wanaojiandaa kwenda wananiuliza kuhusu hoteli na baridi. Nauli hakuna anayeiuliza, na ndiyo iliyowasumbua wengi wetu kule. Basi la London halipokei pesa taslimu tangu Julai 2014. Unapanda kwa mlango wa mbele, pembeni ya dereva kuna mashine ya njano, unagusisha kadi, inalia, taa ya kijani inawaka, unaenda kukaa. Konda hakuna, na habari za "chenji baadaye" hakuna.

Nilitumia kadi yangu ya Visa ya benki ya hapa hapa Moshi, ile yenye alama ya mawimbi manne. Kabla ya kuondoka niliomba benki iiruhusu kufanya kazi nje ya nchi, maana nyingi huwa zimefungwa mpaka mwenyewe useme. Ilikubali kwenye basi la kwanza kabisa. Ukipenda unaweza kununua Oyster, kadi yao unayoiwekea salio kwanza, lakini nauli ya basi ni ile ile kwa mtu mzima, kwa hiyo sikuona sababu. Kumbuka tu kwamba kadi ya mtandaoni yenye namba peke yake haitoshi. Lazima iwe kadi unayoishika, au iliyoingizwa kwenye simu au saa inayoweza kugusishwa.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe. Pale mashine inapolia, hela yako haijatoka. Mashine ya basi haina muda wa kuuliza benki Moshi kama una salio wakati foleni ya watu imesimama kwenye mvua. Inachofanya ni kuhakiki kwamba kadi ni halali na kwamba haimo kwenye orodha ya kadi zilizozuiwa, basi. Ukigusisha kwa mara ya kwanza, wanaweza kuijaribu kadi kwa kuomba kiasi kidogo kama peni 10, na kwenye simu utaona ujumbe wa vishilingi mia kadhaa usioufahamu. Hiyo si nauli. Nauli inapigiwa hesabu usiku, baada ya safari zako zote za siku kukusanywa, ndipo benki inatumiwa dai moja. Ujumbe wa makato ya siku yangu ya mwisho uliniingilia nikiwa nimeshafika nyumbani, niko sokoni Mbuyuni.

Mtu anaweza kudhani huo ni uzembe, kumbe ndiko kunakokuokolea hela. Chukua siku moja ya kupanda mabasi tu, kwa nauli ya wakati nilipokuwa kule, yaani pauni 1.75. Umepanda saa 2:05 asubuhi: 1.75. Umeshuka ukaunganisha basi lingine saa 2:40: bure, kwa sababu ndani ya saa moja tangu mguso wa kwanza unabadilisha mabasi upendavyo kwa nauli ile ile. Saa 7 mchana, 1.75. Saa 12 jioni, 1.75. Hapo umefika 5.25, na hicho ndicho kilikuwa kikomo cha mabasi kwa siku. Basi la saa 3 usiku unagusisha kama kawaida, taa inawaka kijani kama kawaida, na hulipi chochote. Miguso mitano, makato ni mamoja. Kwa sisi wenye benki inayotoza ada kwa kila muamala wa nje, hilo ni jambo kubwa, maana ada inakuja mara moja badala ya kukukata kila unapopanda. Siku yao, kwa hesabu hiyo, inaanza saa 10:30 alfajiri, kwa hiyo basi la usiku wa manane bado ni la jana.

Lakini mfumo haukujui wewe, unaijua kadi. Ukiiweka kadi hiyo hiyo kwenye simu, simu inahesabiwa kama kadi nyingine, hata kama akaunti ya benki ni moja. Rudi kwenye siku ile. Lile basi la saa 7 mchana ukagusisha simu kwa sababu pochi iko ndani ya begi. Sasa kadi ina safari tatu za kulipiwa, yaani 5.25, na simu ina yake ya 1.75. Umelipa pauni 7, na basi la usiku ambalo lingekuwa la bure umelilipia. Chagua kimoja asubuhi na ukae nacho. Na yale mambo yetu ya "nalipa na ya huyu dada hapa nyuma" hayapo, kadi moja abiria mmoja.

Kasoro yake niliiona kwa kaka mmoja wa Sakina tuliyekuwa naye. Akaunti aliyoibeba ilikuwa na hela kidogo sana. Siku ya kwanza alizunguka mji mzima bila shida, akawa anatucheka sisi tuliobadilisha pauni kwa bei mbaya. Kesho yake asubuhi kagusisha, taa nyekundu. Karudia, nyekundu. "Jana si imekubali hii?" ananiuliza, na nyuma yetu watu wanahema. Jana ilikubali kwa sababu hakuna aliyeuliza salio. Usiku walipopeleka dai, benki ikakataa, kadi ikaingizwa kwenye ile orodha. Kumbe alikuwa anadaiwa nauli. Mkewe akamrushia hela kwenye akaunti kutoka Arusha, naye akafungua akaunti kwenye tovuti ya TfL, shirika la usafiri la London, akaiunganisha kadi na kulipa deni. Haikufunguka papo hapo. Asubuhi hiyo ilibidi anunue Oyster.

Kwa hiyo usiangalie salio lako wakati wa kupanda, liangalie kabla ya kulala. Salio unaloliona saa 2 usiku bado lina nauli ya siku nzima ndani yake, na wakati mwingine na ya jana. Ukiitumia hela hiyo kununulia watoto jaketi, umeitumia nauli.

Treni ni kesi nyingine kidogo. Kwenye basi unagusisha ukipanda tu, kwenye treni unagusisha kuingia na kutoka, kwa sababu nauli inategemea umeshukia wapi. DLR, treni inayofika karibu kabisa na ExCeL, ina vituo vingi visivyo na geti. Hakuna wa kukuzuia, unatoka tu unafuata watu, na mashine iko pembeni pale kwenye nguzo. Ukiipita, mfumo haujui ulikoishia na unakukata nauli ya juu kabisa. Na kwa kuwa makato yanakuja baadaye na yamejumlishwa, kwenye ujumbe wa benki hutaona safari ipi imekula hela.

Ndiyo maana ningemshauri kila anayekwenda afungue akaunti ya TfL tangu akiwa Moshi na kuiingiza kadi yake. Humo kila safari inaonekana peke yake, saa uliyogusisha, kituo, na kiasi. Safari isiyo na mwisho inaonekana wazi kuwa haijakamilika, na unaomba urekebishiwe hapo hapo. Benki yangu mimi ilinionyesha jumla na jina la mpokeaji tu, kwa shilingi, kwa bei ya pauni waliyoipanga wao.